Nanga ya bei: nini hutokea ukikaa mezani na afisa manunuzi wa mgodi

Makongolosi ni mji wa dhahabu. Ukitoka Mbeya mjini unapanda milima, unashuka Chunya baada ya kilomita 70 na kitu, kisha unaenda kilomita nyingine 39 hivi. Watu wengi wakisikia jina hilo wanawaza mashimo, karasha na soko la madini. Ila kuna biashara nyingine inayokwenda kimyakimya pembeni ya dhahabu: kuwauzia wenye migodi. Migodi mikubwa ya uwanda wa Lupa, kama ule wa New Luika ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2012 upande ambao leo ni mkoa wa Songwe, inahitaji chakula, sare, mbao, vipuri, usafiri na usafi wa kambi, kila siku ya Mungu.

Na kanuni zinaipa biashara hiyo nguvu. Kanuni za Madini za Ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 zinasema kampuni ya mgodi isitoe zabuni kwa kuangalia tu nani ana bei ya chini kuliko wote. Zinasema pia kwamba kampuni ya Kitanzania yenye sifa, ikiwa bei yake haizidi ile ya chini kabisa kwa zaidi ya asilimia 10, ndiyo ipewe kazi. Kanuni hizi zimerekebishwa baadaye, kwa hiyo ukitaka kuzitumia soma toleo la sasa. Lakini angalia jambo moja: asilimia 10 hiyo inakusaidia ukishindana na mgeni. Ukishindana na Mtanzania mwenzako wa Mbeya mjini au Tunduma, mnabaki wawili mbele ya afisa manunuzi, na hapo kinachoamua ni mazungumzo.

Leo tuangalie mazungumzo hayo kwa jicho la saikolojia ya maamuzi. Tutachukua mambo mawili tu: namba ya kwanza inayotajwa mezani, na jinsi kila upande unavyoshuka au kupanda baada ya hapo. Tutayapitisha kwenye mfano mmoja wa mchele. Namba za mfano ni za kutunga ili hesabu iwe rahisi kufuata. Weka zako ukifika nyumbani.

Nanga ni nini

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo hadi leo linachekesha. Waliwaonyesha watu gurudumu la bahati nasibu lenye namba 0 hadi 100. Gurudumu lilikuwa limechezewa, linasimama kwenye 10 au 65 tu. Kisha wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Walioona 10 walikisia, kwa jibu la katikati, asilimia 25. Walioona 65 walikisia 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Umoja wa Mataifa, na watu walijua hivyo. Bado liliwavuta.

Hiyo ndiyo athari ya nanga. Akili ikipewa namba, inaanzia pale na kusogea kidogo kidogo, na kwa kawaida inasimama mapema kuliko inavyopaswa. Kama mtumbwi uliotiwa nanga: unayumba huku na huku, ila hauendi mbali.

Utasema, hao ni watu wasiojua jibu. Mtaalamu je? Mwaka 1987 Gregory Northcraft na Margaret Neale waliwapeleka madalali wa nyumba wa Tucson, Arizona, kukagua nyumba halisi. Kila dalali alipewa makabrasha yale yale, isipokuwa bei iliyotangazwa ilibadilishwa. Waliopewa bei ya juu waliithamini nyumba juu, waliopewa ya chini wakaithamini chini. Cha kuvutia zaidi, walipoulizwa walitumia vigezo gani, wachache tu waliitaja bei ile iliyotangazwa. Wengine walidhani wamehesabu vyumba na kuangalia paa.

Hapa kuna somo kwa muuzaji. Afisa manunuzi ni mtaalamu, anajua bei, ana kumbukumbu za manunuzi kwenye kompyuta. Hilo linapunguza nguvu ya nanga yako, haliiui. Na yeye pia anatia nanga yake, na wewe huwezi kujiambia tu "sitavutwa". Madalali wa Tucson nao walidhani hawakuvutwa.

Mgodini si gengeni

Sokoni Soweto pale Mbeya ukiambiwa nyanya ni elfu kumi unacheka, unasema elfu tano, mnamalizia saba. Muuzaji akitaja bei ya mwezini, mteja bado yupo pale mbele yake. Mgodini sivyo.

Kwa kawaida kampuni kubwa inatuma ombi la bei kwa wauzaji watatu au zaidi. Kila mmoja anapeleka kotesheni yake. Afisa manunuzi anaziingiza kwenye jedwali moja la kulinganisha: jina, bei ya kilo, siku za kuleta mzigo, siku za malipo. Halafu anawaita mmoja au wawili wanaofaa ili "wazungumze". Hii maana yake ni kwamba kotesheni yako inafanya kazi mbili zinazogombana. Ni nanga, kwa hiyo unataka iwe juu. Na ni tiketi ya kuingia ukumbini, kwa hiyo ukiiweka juu mno huitwi kabisa, wala huambiwi kwa nini. Ukikaa wiki tatu simu hailii, jua nanga yako ilikuwa ya meli na wewe una mtumbwi.

Tofauti ya pili ni kwamba huyu unayeongea naye hanunui kwa fedha yake. Ana bosi, ana mkaguzi, na mara nyingi anapimwa kwa "akiba" aliyoipatia kampuni. Akiba hiyo huhesabiwa kwa njia mbili: kutoka bei ya manunuzi ya mara ya mwisho, au kutoka kotesheni yako ya kwanza hadi bei mliyosaini. Ukipeleka bei yako ya mwisho kabisa siku ya kwanza na kusema "mimi sina longolongo, hii ndiyo bei", wewe unajiona mkweli. Yeye anaona mtu asiyempa chochote cha kuandika kwenye ripoti. Atakubana tu, kwa sababu kubana ndiyo kazi yake.

(Haya yote ni ya kampuni binafsi. Zabuni za serikali zinazopita mfumo wa NeST zina taratibu zake, na nafasi ya kujadiliana bei huko ni finyu na ina masharti yake. Usichanganye.)

Hesabu kabla ya namba

Sasa mfano. Mama mmoja ana kampuni yake ndogo Makongolosi. Mgodi unataka mchele wa kantini, tani 4 kwa mwezi. Mchele anaununua Ubaruku, Mbarali. Tupo mwezi wa nane, mavuno ya Usangu yamepita karibuni na bei ni nzuri.

Gharama yake kwa kilo moja, mzigo ukifika getini:

- Kununua Ubaruku: shilingi 1,800
- Usafiri, kupakia na kushusha: 130
- Magunia, kupepeta na upungufu wa uzito: 40

Jumla 1,970. Wengi wanaishia hapa, na hapa ndipo mtaji unapoteketea. Mgodi unalipa baada ya siku 60. Mama anazungusha fedha ya mkopo kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Miezi miwili ni asilimia 6 ya 1,970, yaani kama shilingi 118. Kwa hiyo gharama yake ya kweli, kwa malipo ya siku 60, ni karibu 2,090. Kama angelipwa siku 30, riba ingekuwa shilingi 59 tu na gharama ingekuwa karibu 2,030. Kumbuka tofauti hiyo ya shilingi 60. Tutairudia.

Anataka angalau shilingi 60 za faida kwa kilo, la sivyo bora auze mchele wake sokoni. Basi mstari wake mwekundu ni 2,150 kwa siku 60. Chini ya hapo anaaga na kuondoka. Lengo lake, si mstari mwekundu bali lengo, ni 2,250. Anaziandika zote mbili kwenye daftari kabla hajapiga simu yoyote.

Kwa nini ni muhimu kuandika? Mwaka 2001 Adam Galinsky na Thomas Mussweiler walichunguza majadiliano ambayo upande mmoja ulitangulia kutaja bei. Aliyetangulia alivuta matokeo upande wake, kama nanga inavyotabiri. Lakini nguvu hiyo ilipungua sana pale aliyepokea bei alipoelekeza mawazo kwenye lengo lake mwenyewe, au kwenye chaguo alilonalo mwenzake ikiwa watashindwana. Ukiwa na namba yako kichwani, namba ya mwenzako inakosa pa kukaa. Ukifikiria mstari mwekundu peke yake, kila kitu kilicho juu yake kitakuonekania baraka na utasaini mapema.

Namba ya kwanza: 2,370

Mama amefanya upelelezi kidogo. Amewauliza madereva na wauza mchele wenzake, anajua washindani watapeleka kati ya 2,200 na 2,400. Anaandika 2,370.

Mbona si 2,400? Sababu mbili. Kwanza, 2,370 ipo upande wa juu lakini ndani ya jedwali, haitoki nje. Pili, namba yenye kona zake inaonekana imehesabiwa. Malia Mason na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2013 kwamba bei ya kwanza isiyo ya mviringo ina nanga nzito zaidi: anayeipokea anadhani mtoaji anajua gharama zake, hivyo anajibu kwa kusogea karibu zaidi. Ila hiyo ni ahadi. Ukiulizwa "hii 70 imetokana na nini?" uwe na jibu. Mama ana karatasi ya mchanganuo: mchele, lori, magunia, siku za kusubiri malipo. Asiye na mchanganuo bora aandike namba ya mviringo tu, maana nanga ikigundulika haina kamba, mwenye nayo haaminiki tena hata kwenye mengine.

Afisa anamwita. Mazungumzo yanaanza kwa heshima zote, za nyumbani hawajambo, barabara imekaaje. Kisha:

"Mama, mchele wako ni mzuri, nimeuona. Ila bei yako imesimama. Sisi mara ya mwisho tumenunua kwa 2,080."

Hiyo nayo ni nanga. Na ni nzuri, kwa sababu huenda ni kweli tupu. Afisa wengi hawahitaji kudanganya. Mfumo wao una bei ya zamani, wanaitoa ilivyo. Kosa kubwa la wauzaji hapa ni kujibu namba kwa namba papo hapo: "Aa, 2,080 haiwezekani, basi nifanyie 2,250." Ameshuka shilingi 120 kwa pumzi moja, na amekubali kwamba 2,080 ni mahali halali pa kuanzia.

Mama anauliza badala ya kujibu:

"Sawa kaka yangu. Hiyo 2,080 mlinunua mwezi gani? Mzigo ulifikishwa hapa getini au mliufuata? Na malipo yalikuwa siku ngapi?"

Inaonekana walinunua mwezi wa sita, katikati ya mavuno, na gari la kampuni ndilo lilifuata mzigo Mbeya mjini. Kumbe si mchele ule ule. Bei bila mwezi, mahali na siku za malipo haijakamilika. Hajamwita afisa mwongo, hajagombana, ila nanga imeng'oka kidogo kwenye mchanga. Na kama afisa hawezi kujibu hata swali moja kati ya hayo, hiyo ni dalili kwamba bei ile ameibeba kichwani tu.

Katikati ni wapi?

Howard Raiffa, aliyefundisha majadiliano Harvard, aliona mwaka 1982 kitu ambacho wafanyabiashara wengi wanakijua kwa mazoea: ukijumlisha namba mbili za kwanza na kugawa kwa mbili, unapata makadirio mazuri ya mahali mtakapomalizia, mradi pale katikati pasiwe nje ya uwezo wa mmojawapo. 

Kwetu hapa, 2,370 na 2,080: katikati ni 2,225. Sasa fikiria mama angeanza na lengo lake, 2,250. Katikati ingekuwa 2,165, shilingi 15 tu juu ya mstari mwekundu. Tofauti ni shilingi 60 kwa kilo. Tani 4 kwa mwezi ni kilo 48,000 kwa mwaka. Shilingi 60 mara 48,000 ni 2,880,000. Hizo ni fedha zilizopotea kabla hata soda hazijafunguliwa mezani.

Kushuka kuna lugha yake

Baada ya namba za kwanza, kila hatua ya kushuka ni ujumbe. Afisa hasikilizi tu umefika wapi, anaangalia umeshukaje. Linganisha wauzaji watatu, wote wameanza 2,370 na wamefika 2,265 kwa hatua tatu:

- Wa kwanza anashuka 60, kisha 30, kisha 15.
- Wa pili anashuka 35, kisha 35, kisha 35.
- Wa tatu anashuka 15, kisha 30, kisha 60.

Wa kwanza anasema: nakaribia ukuta. Kila hatua ni nusu ya iliyotangulia, na mtu yeyote anaweza kukisia kwamba ya nne itakuwa shilingi saba au nane. Wa pili anasema: kila ukinibana natoa 35, endelea. Wa tatu ndiye mbaya zaidi: amemfundisha afisa kwamba kadiri anavyonyamaza na kukunja uso, ndivyo zawadi inavyokua. Bei ni ile ile, 2,265, lakini wa kwanza yuko karibu kumaliza na wa tatu ndiyo kwanza anaanza kukamuliwa.

Kuna upande mwingine ambao wengi hawautegemei. Kushuka polepole kunamfurahisha mnunuzi zaidi ya kumpa yote kwa mkupuo. Seungwoo Kwon na Laurie Weingart waliripoti hivyo mwaka 2004: wanunuzi walioshushiwa bei hatua kwa hatua waliridhika zaidi kuliko walioshushiwa mara moja mwanzoni, ingawa bei ya mwisho ilikuwa ile ile. Na Galinsky na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba mtu ambaye bei yake ya kwanza inakubaliwa papo hapo huondoka bila raha, akijiambia "ningejua ningetaja zaidi". Kwa afisa manunuzi, raha hii ni zaidi ya hisia. Kila hatua uliyoshuka ni mstari kwenye maelezo atakayompelekea bosi wake.

Lakini hatua iliyotolewa bure haihesabiki. Ndiyo maana mama hashuki bila neno "ikiwa". Raundi zao zilikwenda hivi:

Raundi ya kwanza. Mama: "Nitashuka hadi 2,310 ikiwa tutaandikishana mkataba wa mwaka, si LPO ya mwezi mmoja mmoja." Ameshuka 60, ila mkataba unampa uhakika wa kuagiza Ubaruku kwa bei ya jumla. Afisa anapanda kutoka 2,080 hadi 2,150.

Raundi ya pili. Mama: "Mkikubali nilete tani mbili kila wiki mbili badala ya tani moja kila wiki, safari zinapungua. Hapo nafika 2,280." Ameshuka 30. Afisa anaenda 2,200.

Raundi ya tatu. Mama: "2,265, ikiwa mkataba utakuwa na kipengele cha kupitia bei kila miezi mitatu." Ameshuka 15.

Afisa anafunga daftari, anatabasamu: "Mama, tusichoshane. Tukutane katikati, 2,230."

Mtego wa "tukutane katikati"

Maneno hayo yana sauti ya haki, na mara nyingi ni ya haki kweli. Lakini katikati ni ya namba za sasa, si za mwanzo. Aliyesogea haraka kuliko mwenzake, katikati imeshahamia upande wa mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo, piga hesabu: wewe umeshuka ngapi, yeye amepanda ngapi? Mama ametoka 2,370 hadi 2,265, ni 105. Afisa ametoka 2,080 hadi 2,200, ni 120. Hajaonewa. Na 2,230 iko palepale karibu na 2,225 ya Raiffa.

Tatizo ni kwamba kukubali kunamaanisha kushuka 35 baada ya kushuka 15, na mpangilio wake wa kupungua unavunjika. Afisa mzoefu ataona mlango bado uko wazi. Basi mama anaufunga kwa kuuza hatua hiyo:

"2,230 nakubali leo hii, ikiwa malipo yatakuwa siku 30."

Ile shilingi 60 tuliyoiweka pembeni inarudi. Amempa afisa 35 kwa kilo, sawa na 1,680,000 kwa mwaka. Amepata siku 30 zenye thamani ya 60 kwa kilo, sawa na 2,880,000. Upande wa pili, mgodi wenye fedha benki hauumizwi na siku 30 kama anavyoumizwa mtu wa mkopo. Afisa naye ana ripoti yake: kutoka kotesheni ya 2,370 hadi 2,230 ni akiba ya 140 kwa kilo, yaani 6,720,000 kwa mwaka. Faida ya mama sasa ni 2,230 toa 2,030, shilingi 200 kwa kilo.

Ila hapa kuna kikwazo cha kweli: mara nyingi afisa manunuzi hana mamlaka juu ya siku za malipo, hayo ni ya watu wa fedha. Ukisikia "hilo niachie nikaulize", usimwachie bei ikiwa imeshaganda. Sema wazi kwamba 2,230 na siku 30 vinakwenda pamoja. Siku zikikataliwa, bei inarudi 2,265.

Pale mkataba mzuri unapokuua

Kwa nini mama alitoa hatua nzima ili apate kipengele cha kupitia bei? Kwa sababu mchele una msimu. Mwezi wa nane ananunua 1,800. Tuseme mwezi wa pili, ghala zikiwa zimepungua na mavuno bado, Ubaruku inapanda hadi 2,050. Gharama yake inakuwa 2,220, ukiongeza riba ya mwezi mmoja ni karibu 2,287. Anauza 2,230. Anapoteza shilingi 57 kwa kila kilo, kama 228,000 kwa mwezi, na mkataba unamlazimisha kuendelea. Wapo wanaoikimbia hali hiyo kwa kuchanganya mchele wa chenga; mkaguzi wa kantini akigundua, mzigo unarudishwa na jina linafutwa kwenye orodha ya wauzaji.

Kipengele chenyewe kiandikwe kwa namba: kwa mfano, bei ya kununua ikipanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 toka siku ya kusaini, pande mbili zinakaa upya. Ukiandika "bei itapitiwa inapobidi", nani ataamua imebidi? Na kiwe cha pande zote mbili. Bei ya Ubaruku ikianguka mwezi wa sita ujao, afisa naye atakuita, na utakuwa huna haki ya kununa.

Mipaka ya haya yote

Tafiti nyingi nilizozitaja zilifanywa Marekani, mara nyingi kwa wanafunzi waliokutana mara moja chumbani na hawakuonana tena. Mama wa Makongolosi ataonana na afisa huyu mwaka mzima. Nanga ya uongo inaweza kufanya kazi mara moja. Mwezi wa pili lori la mshindani linaingia getini. Pia nanga huwa na nguvu pale bei ya kweli haijulikani vizuri. Ukiuza saruji au dizeli, ambazo kila mtu anajua bei yake, namba ya kwanza itavuta kidogo sana, na nguvu zako zielekeze kwenye siku za malipo na usafiri. Ukiuza kazi ya kushona sare au kutengeneza pampu, ambako gharama imefichika, ndipo namba ya kwanza inaweza kubeba kila kitu.

Ukitaka kujipima, chukua kotesheni yako ya mwisho na bei uliyosaini. Andika kila hatua uliyoshuka, na pembeni andika ulipata nini kwa hatua hiyo. Hatua zikizidi kukua kuelekea mwisho, au upande wa pili wa karatasi ukiwa mtupu, umeshajua sehemu ya kurekebisha kabla ya ombi la bei linalofuata.